Kichujio cha kasi: namna ya kukipanga, na safari ya chembe yenye kasi isiyotakiwa

Wengi tumefundishwa hii kitu kwa mstari mmoja tu, kwamba ukiwa na uga wa umeme na uga wa sumaku vimekatana kwa pembe ya digrii 90 basi chembe yenye kasi v = E/B inapita moja kwa moja na zingine "zinapinda", halafu mwalimu anageuza ukurasa. Sasa hiyo "zinapinda" ndo yenye mambo yote. Zinapinda kwenda wapi, kiasi gani, na je zikishapinda ndo zimepotea moja kwa moja? Hapana, hazipotei hivyo, zinayumba halafu zinarudi, na usipolijua hilo unaweza kujenga kichujio kikali kabisa kwa macho lakini hakichuji chochote. Nitakuonyesha kwa namba kabisa, tutumie kichujio kimoja tu mwanzo mpaka mwisho.

Wazo lenyewe ni la zamani. Thomson alitumia nyuga mbili zilizokatana mwaka 1897 kupima elektroni, na Wien mwaka uliofuata akazitumia kwa miale ya chembe chanya, ndo maana mpaka leo watu wa maabara wanakiita kichujio cha Wien.

Hatua ya 1: panga mielekeo kabla hujagusa namba

Chora kwenye karatasi. Mwali wa ioni unatoka kushoto kwenda kulia. Juu weka bamba chanya, chini bamba hasi, kwa hiyo uga wa umeme unaelekea chini na ioni yenye chaji chanya inavutwa chini. Sasa sumaku lazima isukume juu, na kwa ioni chanya inayokwenda kulia hilo linatokea pale uga wa sumaku unapoingia ndani ya karatasi, yaani unakukimbia wewe unayetazama. Ukiugeuza sumaku ukatoka kwenye karatasi nguvu zote mbili zinavuta chini na hakuna kasi yoyote duniani itakayopita hapo.

Nguvu ya umeme ni qE, haijali chembe inakwenda mbio au polepole. Nguvu ya sumaku ni qvB, hiyo inajali kasi. Zikilingana, qE = qvB, q inakatwa pande zote mbili na unabaki na v = E/B. Kumbuka uzito haumo kabisa kwenye hiyo hesabu na chaji imekatika, kwa hiyo kasi inayopita ni ile ile kwa elektroni, kwa protoni, kwa ioni nzito, hata kwa chembe hasi kwa sababu kwake nguvu zote mbili zinageuka pamoja. Ila hiyo ni kwa kasi sahihi tu. Kwa kasi isiyo sahihi uzito na chaji vinarudi kwa nguvu zote, tutaona.

Hatua ya 2: chagua namba

Tuchukue ioni za neoni 20 zenye chaji moja, uzito wake ni kama 3.32e-26 kg. Tunataka zinazokwenda 100,000 m/s, ambayo ndo kasi zinayopata zikisukumwa na volti 1,036 hivi. Mabamba yako umbali wa sentimita 1, urefu wa kichujio sentimita 20, sumaku tesla 0.1. Basi E inatakiwa iwe v × B = 10,000 V/m, na kwa nafasi ya sentimita 1 hiyo ni volti 100 tu kati ya mabamba. Ziweke nusu kwa nusu, +50 juu na −50 chini, ili mstari wa katikati ubaki sifuri. Ukiweka +100 na 0, ioni ikiingia inakuta kilima cha volti 50 mlangoni, inapungua mwendo kabla hata hujaanza kuichuja, na kwa mwali wa volti 1,036 hiyo ni kama 2.4% ya kasi, sio kitu cha kupuuza.

Mwishoni kuna ukuta wenye mwanya wa milimita 1, yaani nusu milimita juu ya mstari wa katikati na nusu chini. Huo mwanya ndo unaochuja hasa. Nyuga zinatawanya tu, ukuta ndo unaokamata. Mtu akiondoa mwanya anabaki na mwali uliochanuka, hana kichujio.

Kabla ya kuendelea pima ukali wa hizo nguvu. Zima umeme uache sumaku peke yake, ioni inaanza kuchora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 20.7, na haifiki hata sentimita 5 ndani kabla haijagonga bamba la juu. Zima sumaku uache umeme, inagonga bamba la chini umbali huo huo. Yaani ni nguvu mbili ambazo kila moja peke yake ingeua mwali ndani ya robo ya kwanza ya safari, na zikiwa pamoja ioni ya kasi sahihi inapita katikati kana kwamba hakuna kitu. Ndo maana kosa dogo upande mmoja linaonekana haraka sana.

Hatua ya 3: ifuate chembe yenye kasi isiyotakiwa

Hapa twende polepole. Chukua ioni yenye haraka zaidi kwa 1%, yaani 101,000 m/s. Ikiingia, sumaku inashinda kidogo, ioni inaanza kupanda juu. Lakini juu kuna nini? Bamba chanya. Ioni chanya ikipanda kuelekea bamba chanya ni kama baiskeli inapanda mlima, inapoteza mwendo. Ikipoteza mwendo nguvu ya sumaku inapungua, wakati ya umeme iko pale pale. Inafika mahali kasi yake imeshuka mpaka chini ya 100,000, sasa umeme ndo unashinda na inaanza kuvutwa irudi. Pale juu kabisa kwenye kilele cha mkunjo kasi yake ni 99,000 m/s kamili, yaani ile iliyokuwa na haraka kwa 1% imekuwa ya polepole kwa 1%. Halafu inateremka, inaongeza mwendo, inafika mstari wa katikati ikiwa na 101,000 yake ile ile, na mchezo unaanza upya.

Ya polepole inafanya hivyo hivyo kinyume chake, umeme unashinda, inashuka chini, inapata mwendo, sumaku inaamka, inarudishwa juu.

Njia rahisi ya kuiona ni kujifanya unasafiri sambamba na mwali kwa 100,000 m/s. Kwa huyo msafiri uga wa umeme hauonekani kabisa, imebaki sumaku tu, na ioni yenye kasi sahihi imesimama tuli mbele yake. Ile yenye ziada ya 1,000 m/s inazunguka duara dogo kwa hiyo 1,000 tu. Nusukipenyo cha duara hilo, v0 ikiwa ndo ile kasi sahihi, ni

r = m(v − v0)/(qB)

kwa mfano wetu milimita 2.07. Na muda wa kumaliza duara hautegemei ziada ni kubwa au ndogo, unategemea q, B na m peke yake. Shika hilo, ndo litakalotuumiza baadaye.

Umbali kutoka mstari wa katikati baada ya muda t ni

y = r(1 − cos ωt), ambapo ω = qB/m

Kwa neoni 20 kwenye tesla 0.1, ω ni karibu 482,500 kwa sekunde, safari ya sentimita 20 inachukua sehemu mbili za milioni za sekunde (2e-6 s), kwa hiyo ωt ni kama 0.96, chini kidogo ya sehemu moja ya sita ya mzunguko. Ioni ya +1% inatoka milimita 0.88 juu ya katikati. Mwanya wetu unaruhusu 0.5 tu, inagonga ukuta, imekwisha. Ukigawanya utaona kinachopita ni takriban kati ya 99,400 na 100,600 m/s, kwa mwali mwembamba ulioingia umenyooka. Ukitaka kubana zaidi punguza mwanya, ila ujue ioni zinazofika nazo zinapungua.

Ukipenda kucheza na namba mwenyewe, hii inatosha:

```python
from math import sin, cos
q, m = 1.602e-19, 3.32e-26
B, V, d, L = 0.1, 100.0, 0.01, 0.20
v0 = V / d / B
w = q * B / m
def y_mwisho(v):
    r = (v - v0) / w
    t = 0.0
    while v0*t + r*sin(w*t) < L:
        t += 1e-10
    return r * (1 - cos(w*t))
for v in (95e3, 99e3, 100e3, 101e3, 105e3):
    print(v, round(1000 * y_mwisho(v), 2), "mm")
```

Angalia kitu kimoja kwenye majibu, ya +5% inatoka kama milimita 4.1 juu lakini ya −5% inatoka kama 4.8 chini. Hazilingani kwa sababu ya polepole inakaa ndani muda mrefu zaidi, inasukumwa zaidi. Kwa hiyo ukichora mkondo unaotoka dhidi ya kasi usishangae mbavu zake hazifanani, sio lazima kifaa kiwe kibovu.

Na kwa sababu ioni zote zilisukumwa na volteji moja, nzito zinakwenda polepole zaidi, basi kichujio hiki kinatenganisha hata isotopu. Neoni 22, ambayo ni kama 9% ya neoni ya kawaida, inaingia na 95,350 m/s na inatoka milimita 4.1 chini ya katikati. Haigusi bamba maana bamba liko milimita 5, lakini inagonga ukuta mbali kabisa na mwanya. Safi.

Hatua ya 4: usiongeze sumaku ukidhani ndo unaongeza ukali

Mtu anapata hicho kichujio, anasema sasa nikitaka kichuje vizuri zaidi naongeza sumaku na umeme pamoja, uwiano ubaki ule ule, kasi ni ile ile, nguvu kubwa zaidi. Inaingia akilini. Na mwanzoni ni kweli. Lakini fuata lile duara.

Ukiongeza sumaku duara linakuwa dogo na linazunguka haraka. Ukifika tesla 0.325 na volti 325, ioni inatoka sentimita 20 ikiwa imemaliza nusu duara kamili, yaani iko kwenye kilele cha mkunjo. Hapo +1% inatoka milimita 1.27 juu, bora kuliko 0.88 ya kwanza. Na kuna zawadi nyingine ambayo mimi naiona ndo kubwa: ioni zilizoingia zimeinama kidogo zote zinakusanyika tena katikati pale pale kwenye nusu duara. Kwenye mpangilio wa kwanza ioni ya kasi sahihi ikiingia imeinama sehemu moja ya kumi ya digrii tu inatoka kama milimita 0.3 pembeni, na ukutani huwezi kujua kama hiyo 0.3 ni kosa la kasi au ni kuinama. Kwenye nusu duara kuinama kunajifuta, kasi peke yake ndo inabaki.

Sasa endelea kuongeza, fika tesla 0.65 na volti 650. Ioni inatoka ikiwa imemaliza duara zima. Na duara zima linaishia wapi? Pale lilipoanzia, katikati. Ya +1% inatoka katikati, ya −1% katikati, ya +5% katikati, kwa sababu zote zinamaliza mzunguko kwa muda mmoja bila kujali ziada yake. Hakuna inayokamatwa mpaka ziada ifike kama 7.8%, ambapo mkunjo unakuwa mpana hadi kugusa bamba. Ile neoni 22 iliyokuwa milimita 4.1 pembeni sasa inatoka kama milimita 0.3 tu kutoka katikati, inapita kwenye mwanya bila wasiwasi. Umeme mara sita na nusu, sumaku mara sita na nusu, na kichujio kimepofuka.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni hii: hesabu ωt kwanza, ndo uchague B. Lenga karibu na nusu duara (ωt karibu 3.14), na kama una sumaku dhaifu kaa chini ya hapo, usivuke. Kama umelazimika kuvuka kwa sababu kifaa ni kirefu, weka ukuta wa pili wenye mwanya pale katikati ya urefu ambapo mikunjo iko kileleni, utazikamata hapo kabla hazijarudi.

Hatua ya 5: kingo

Kwenye daftari nyuga zote zinaanza na kuisha mstari mmoja. Kwenye chuma halisi hapana, uga wa sumaku unavuja nje ya ncha za sumaku wakati mabamba yameshaisha, au kinyume. Tuseme kwenye mfano wetu sumaku inatangulia mabamba kwa sentimita 1 tu, ikiwa na tesla 0.1 kamili. Kwenye hiyo sentimita hakuna umeme wa kuipinga, ioni ya kasi sahihi inapindishwa karibu digrii 2.8, na ikiendelea hivyo ingekuwa milimita 8 juu kabla haijatoka, wakati bamba liko milimita 5. Yaani ioni nzuri kabisa inagonga bamba kwa kosa la sentimita moja mlangoni.

Dawa yake ni mabamba ya chuma laini yenye tundu katikati, moja mlangoni na moja kwenye kutokea, yameungwa na ardhi. Chuma kinakata sumaku na kwa kuwa kimeungwa na ardhi kinakata umeme pia, basi nyuga zote mbili zinaisha karibu sehemu moja. Ikibaki tofauti ndogo unairekebisha kwa kuinamisha mwali kidogo kabla haujaingia.

Na hewa uitoe. Kwa shinikizo la paskali 0.001 molekuli ya hewa inasafiri kama mita 6 bila kugongana, inatosha kwa sentimita 20. Ukiwa na hewa nyingi zaidi ioni zinagongana njiani na zingine zinanyang'anya elektroni kutoka kwa gesi, hizo nitazirudia.

Hatua ya 6: kukipima

Shika sumaku isibadilike, zungusha volteji ya mabamba kutoka 80 mpaka 120 polepole huku unasoma mkondo unaofika baada ya mwanya. Utapata kilele kimoja kikubwa cha neoni 20, na kingine kidogo cha neoni 22 karibu na volti 95. Kile kikubwa kikiwa kwenye volti 100 na kimebana, uko vizuri.

Kilele kikiwa kimebana vizuri lakini mahali pengine, kuna kipimo kimoja sio kile unachodhani. Niliwahi kukaa na kilele kilichosimama kwenye volti 94 siku nzima, nikapima sumaku mara tatu, iko sawa, nikapima volteji ya kusukumia ioni, iko sawa. Kumbe vipande vya kauri vinavyotenganisha mabamba vilikuwa vimebadilishwa, nafasi ilikuwa milimita 9.4 na si 10. Nafasi ikipungua kwa 6% volti zinazohitajika zinapungua 6%, hesabu ilikuwa inaniambia jibu tangu asubuhi. Tangu hapo napima nafasi ya mabamba kwa mkono wangu kabla ya kufunga.

Kilele kikiwa mahali sahihi lakini kipana kuliko hesabu, mara nyingi mwali unaingia umeinama au umechanuka, kwa hiyo bana mwanya wa kuingilia uone kama kinasinyaa. Kisiposinyaa basi chanzo chenyewe kinatoa ioni za kasi tofauti, na hapo kichujio hakina kosa, kinakuonyesha ukweli wa mwali wako.

Kikiwa kipana sana na hakisinyai kwa chochote, rudi kwenye ωt, pengine umekaribia duara zima.

Kipimo cha mwisho ni kile wengi hawakifanyi. Weka skrini inayong'aa nyuma ya mwanya, zima umeme wa mabamba kabisa, acha sumaku. Ioni zote zinatakiwa zigonge bamba la juu na skrini iwe giza. Ukiona bado kuna doa dogo pale pale katikati, hizo ni atomi zisizo na chaji, ndo zile ioni zilizochukua elektroni njiani. Kwao E na B ni sawa na hakuna, zinapita kwenye kichujio kwa kasi yoyote ile na hakuna volteji utakayoweka ikazizuia. Ongeza pampu ili zipungue, na zilizobaki uziondoe kwa kupindisha mwali digrii chache baada ya kichujio kwa mabamba mengine mawili madogo, ioni zinafuata kona na atomi zinakwenda moja kwa moja mpaka ukutani.